Urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa nini hasa?

Tangu ujenzi wa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na tangu reli ya kisasa ianze kujengwa kati ya Mwanza na Isaka, swali moja limekuwa likirudi katika karakana za Nyakato, Mabatini na Igoma. Fundi mwenye miaka kumi au zaidi ya kazi anafika kwenye geti la mradi, anaeleza anachokiweza, na anaulizwa, “Cheti kiko wapi?” Akirudi karakanani anaambiwa na wenzake kwamba siku hizi VETA inatoa vyeti bila mtu kukaa darasani. Mmoja anasema kinatolewa kwa kuhesabu miaka ya kazi. Mwingine anasema kuna mtihani mgumu wa kuandika. Wa tatu anamfahamu mtu anayeweza “kukishughulikia” kwa malipo kidogo. Hakuna kati ya hao watatu aliye sahihi, na fundi akimfuata yeyote kati yao anaweza kupoteza fedha, muda, au vyote viwili.

Tuanze na maneno yenyewe. Kurasimisha ujuzi ni kuupima ujuzi ambao mtu ameupata nje ya chuo, kuulinganisha na kiwango kilichowekwa kwa fani hiyo, kisha kumpa mwenye ujuzi cheti kinachoonyesha ni kiwango gani amekifikia. Kwenye matangazo mengi utaona herufi RPL, nazo zinamaanisha jambo hilo hilo. Kwa upande wa Tanzania kazi hii inafanywa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa mafundi wa Mwanza mahali pa kuulizia ni chuo cha VETA kilichopo Nyakato. Tuzo za Taifa za Ufundi Stadi zina ngazi tatu, ya kwanza ikiwa ya chini na ya tatu ya juu, na katika kiwango cha kila ngazi kuna orodha ya kazi ambazo mwenye ngazi hiyo anapaswa kuzimudu.

Njia rahisi ya kuelewa tathmini hii ni kwenda Mwaloni, Kirumba. Mchuuzi wa dagaa anaweza kukuambia kwa kuunyanyua tu mfuko kwamba una uzito gani, na mara nyingi hakosei sana. Hata hivyo mnunuzi kutoka mbali, asiyemjua mchuuzi huyo, atataka mfuko uwekwe kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani haiongezi dagaa hata mmoja. Inachofanya ni kumpa mgeni namba anayoweza kuiamini bila kumfahamu muuzaji. Urasimishaji ni mizani ya namna hiyo. Wateja wa mtaani hawauhitaji, kwa sababu wao wameliona geti la jirani na kumfuata aliyelitengeneza. Unahitajika pale anayeajiri hana jirani wa kumuuliza.

Kutokana na mfano huo jambo la kwanza linakuwa wazi: kinachopimwa ni ujuzi, wala si miaka. Miaka ya kazi humfungulia mwombaji mlango wa kuomba, kwa kuwa mpango huu haukuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeanza kazi juzi. Baada ya hapo haimbebi tena. Mtu anaweza kuwa amechomelea kwa miaka kumi na minne, lakini kama miaka yote hiyo alikuwa akirudia aina moja ya dirisha, ujuzi wake ni wa dirisha hilo. Vilevile mtathmini hatoi alama za asilimia kama za shuleni. Kwa kila kazi iliyo kwenye kiwango, jibu ni moja kati ya mawili: ameweza, au bado hajaweza. Neno “bado” lina uzito wake hapo, na nitalirudia.

Nitaeleza hatua zenyewe kupitia fundi mchomeleaji mmoja wa Nyakato, ambaye jina lake naliacha. Alianza kama kibarua wa kushika vyuma na kupiga msasa, akaachiwa mashine baada ya mwaka mmoja hivi, na leo ana karakana yake ya mageti, madirisha na visimamo vya matenki ya maji. Aliishia darasa la saba.

Alipokwenda kuomba, alijaza fomu ya fani yake na kutakiwa kuonyesha ushahidi kwamba kazi anazodai anazifanya kweli. Katika karakana za mtaani huu ndio mtego wa kwanza, maana kazi inatoka, mteja anaipakia kwenye guta, na fundi habaki na chochote. Kilichomsaidia ni simu yake, iliyokuwa na picha za mageti aliyokwisha kuyafunga, daftari la oda lenye vipimo alivyoviandika kwa mkono, na barua kutoka kwa mkandarasi mdogo aliyewahi kumpa kazi ya kenchi za chuma. Picha inayofaa zaidi ni ile inayoonyesha kazi ikiwa katikati, fundi mwenyewe akiwa ameinama juu yake, kuliko geti lililokwisha kupakwa rangi, kwa sababu rangi inaficha mchomo, na geti zuri linaweza kuwa la mtu mwingine.

Jambo dogo lilimchelewesha kuliko yote, nalo ni jina. Kanda ya Ziwa jina moja la Kisukuma linaandikwa kwa “l” na karani mmoja na kwa “r” na mwingine, na mafundi wengi wanajulikana kwa jina la utani kuliko la kuzaliwa. Barua ya mkandarasi ilimtaja kwa jina la utani, na kitambulisho cha NIDA kilikuwa na jina lingine. Ilibidi arudi kwa mkandarasi na barua iandikwe upya. Anayekusudia kuomba aanze hapa: kila karatasi ibebe jina lililo kwenye kitambulisho cha Taifa, herufi kwa herufi, kwa sababu ndilo litakaloandikwa kwenye cheti, na cheti chenye jina tofauti na kitambulisho kitamletea maswali kwa kila mwajiri.

Kisha inakuja tathmini yenyewe. Kwa sehemu kubwa ni ya vitendo na ya mazungumzo, kwa Kiswahili, na inaweza kufanyika mahali mtu anapofanyia kazi. Kwa hiyo asiyejua kusoma vizuri hafungiwi nje kwa sababu hiyo peke yake, kwani mtathmini anaweza kumuuliza kwa mdomo na kuandika majibu mwenyewe. Fundi wetu alipewa vipande vya bamba la chuma vyenye unene wa milimita 6. Alitakiwa aunge viwili kwa umbo la herufi T, na vingine viwili ukingo kwa ukingo vikiwa vimesimama wima.

Mikono yake haikuwa na tatizo. Alisaga kutu mpaka chuma kikang’aa, akachagua elektrodi ya E6013 ya milimita 3.2, akashikiza pembe mbili kwanza ili bamba lisikunjike kwa joto, kisha akavuta mchomo. Alipohamia kwenye vipande vya wima alibadilisha elektrodi, akachukua ya milimita 2.5, na akapunguza ampea. Mtathmini akamuuliza, “Fundi, kwa nini umeshusha?” Akajibu, “Nikiiacha pale pale, uji wa chuma utateremka kabla haujashika, na pengine nitatoboa.” Jibu hilo ni la kitaalamu kabisa, hata kama hakulisoma popote. Mchomo ulipopoa aligonga gamba kwa nyundo, akapiga brashi, na mstari ukaonekana: sawasawa, bila vitundu vya hewa, bila mfereji uliolika pembeni, bila gamba lililonaswa katikati. Kwenye kazi hizo akaandikiwa: ameweza.

Alipokwama ni mahali pengine, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha suala zima, maana mafundi wengi wa mtaani hukwama hapo hapo. Kwanza ilikuwa grainda yake. Kinga ya diski ilikuwa imeondolewa zamani ili diski kubwa kuliko ya grainda hiyo iweze kuingia, jambo ambalo utaliona katika karakana nyingi za mji huu. Diski kubwa iliyofungwa kwenye grainda ndogo huzungushwa kwa kasi kuliko ile iliyotengenezewa, na ikipasuka hakuna kitu kati ya vipande vyake na uso wa mtu. Mtathmini alisimamisha kazi hadi grainda yenye kinga ilipopatikana. Halafu macho: kuna siku fundi huyu huchomelea akiwa amevaa miwani ya jua, na ameshawahi kulala usiku kucha akihisi mchanga machoni. Miwani ya jua haizuii mwanga huo. Kwa elektrodi za ukubwa aliotumia, kioo cha barakoa huwa na namba 10 au 11.

Swali lililofuata lilihusu mabomba yenye zinki, yale meupe ya maji. Mtathmini alitaka kujua huwa anafanya nini kabla ya kuyachomelea. Akajibu kwamba anakunywa maziwa. Imani hii imeenea mno na nina hakika wasomaji wengi wameisikia. Moshi mweupe unaotoka pale ni wa zinki iliyoungua, na mtu akiuvuta anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, hali ambayo kwa kawaida huisha katika siku moja au mbili. Kwa kuwa homa inafika usiku, wengi huidhania malaria. Maziwa yanaingia tumboni ilhali moshi unaingia mapafuni, kwa hiyo hayawezi kuuzuia. Kinachosaidia ni kusaga zinki na kuiondoa sehemu itakayochomwa, kufanyia kazi mahali penye upepo, na kukaa upande ambao moshi haukujii usoni.

Mwisho aliwekewa mchoro. Ulikuwa na mshale ulioelekea kwenye kiungo cha T, na juu ya mstari wake pembetatu ndogo yenye maandishi a5. Pembetatu aliikisia vizuri, kwamba ni mchomo wa kona. Herufi ndiyo iliyomshinda. Alidhani 5 ni urefu wa mguu wa mchomo, yaani kuanzia kwenye kona hadi ukingo wake juu ya bamba. La hasha. Herufi a ni unene wa mchomo, kuanzia kwenye kona hadi usoni pake, na mguu ungeandikwa kwa herufi z. Kwa mchomo wa kona ya mraba, unene ni kama sehemu 7 kati ya 10 za mguu. Maana yake fundi anayetengeneza mguu wa milimita 5 anapata unene wa milimita 3.5 tu, wakati mhandisi amepiga hesabu za 5. Ili aupate unene huo mguu ulitakiwa uwe kama milimita 7. Mchomo wake ungekuwa mzuri wa kutazama, ungepita jicho la mteja yeyote wa geti, na ungekuwa pungufu kwa asilimia 30 kwenye nguzo ya jengo.

Nimekaa kwenye herufi hiyo moja kwa sababu inajibu lawama ninayoisikia kila mara, kwamba miradi mikubwa inadai karatasi ili kuwadharau watu wa mtaani. Wapo wanaodharau, sikatai. Lakini geti la nyumbani halina mchoro. Fundi anapima mwanya, anakubaliana na mwenye nyumba, anatengeneza, na kosa likitokea analiona mwenyewe siku ya kufunga. Kwenye jengo kubwa anayepiga hesabu na anayechomelea hawaonani, na mchoro ndio lugha pekee iliyo kati yao. Fundi asiyeisoma lugha hiyo ana mikono kamili na bado anaweza kuleta hasara ambayo hakuna atakayeiona kwa macho.

Ndipo neno “bado” linapofanya kazi. Fundi wetu hakuambiwa ameshindwa. Aliambiwa ni kazi zipi ameziweza na zipi bado, na akapelekwa kwenye mafunzo ya kuziba pengo. Mafunzo hayo ni ya muda mfupi na yanalenga yale tu yaliyopungua, ndiyo maana ni kosa kuyachukulia kama kozi ya chuo iliyofupishwa. Hakufundishwa kushika elektrodi. Alifundishwa alama za michoro, vipimo, na usalama wa karakana, kisha akapimwa tena katika hayo. Wapo mafundi wanaokasirika wakiambiwa wana pengo, wakaondoka na kusema tathmini ina upendeleo. Ninaelewa uchungu huo, kwa kuwa si rahisi mtu wa miaka arobaini kuambiwa bado na kijana aliyetoka chuoni. Hata hivyo ukimuuliza kwa utulivu, mara nyingi pengo alilotajiwa ni kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha, kwa sababu hata aliyemfundisha kazi hakuonyeshwa.

Kuhusu gharama, kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Kuna awamu zinazogharamiwa na Serikali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hizo tangazo hutolewa likitaja fani zinazohusika na masharti yake, na nafasi zake zina ukomo. Nje ya awamu hizo mtu anaweza kuomba kwa kujilipia. Katika njia hii ya pili malipo ya taasisi ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi tunaiita kontroli namba, na fedha huingia moja kwa moja serikalini. Kwa hiyo mtu akikutaka utume fedha kwenye namba yake ya simu “ili akuwekee jina”, umekwisha kupata jibu. Dalili nyingine ni cheti kinachoahidiwa bila mtu yeyote kuja kukuona ukifanya kazi. Cheti cha namna hiyo ni cha kughushi. Mwajiri anaweza kukithibitisha kwa kuuliza mamlaka iliyotajwa juu yake, na atakayejibu kosa la jinai ni aliyekibeba.

Kabla ya kulipa, ni vyema kuuliza swali moja: cheti nitakachopata kitaandikwa fani gani na ngazi gani? Fundi anayetaka kuendelea na masomo baadaye anahitaji jibu hilo kuliko anayetaka kukitundika karakanani, kwa kuwa ngazi ndiyo inayoamua ataanzia wapi chuoni. Pia aelewe kwamba cheti cha ufundi stadi hakigeuki kuwa cha kidato cha nne. Tangazo la kazi linalotaka vyote viwili bado litamfungia nje, na hapo hakuna tathmini ya ujuzi inayoweza kumsaidia.

Linabaki suala la cheti na leseni, ambalo limewaumiza zaidi mafundi umeme. Cheti kinasema mtu anaweza kazi. Leseni inasema anaruhusiwa kuifanya kwa watu. Fundi wa kufunga umeme majumbani akishapata cheti cha ujuzi, bado anahitaji leseni ya EWURA kwa daraja linalolingana na kazi zake. Cheti ni miongoni mwa vitu atakavyoviwasilisha kuomba leseni hiyo, na hakichukui nafasi yake. Mtu anayeanza kufunga nyaya kwenye nyumba za watu siku ya pili baada ya kupewa cheti anavunja sheria, hata kama kila waya ameufunga inavyotakiwa.

Kwa wachomeleaji hakuna leseni ya namna hiyo kwa mageti na madirisha, lakini kuna kitu kinachofanana nayo kwenye miradi mikubwa. Fundi wetu alipata cheti chake, akarudi kwenye geti la mradi, na safari hii akaingizwa ndani. Alishangaa kupewa tena vipande vya bamba na kuambiwa achomelee. Alidhani cheti kimekataliwa. Ukweli ni kwamba kazi za madaraja, meli na mabomba ya shinikizo hufuata viwango vinavyotaka kila mchomeleaji apimwe kwa aina ya mchomo atakaoufanya pale: unene wa chuma, mkao wa kazi, aina ya elektrodi. Kipande chake hukunjwa kwa mashine au kupigwa picha ya mionzi kuona ndani yake, na hati anayopewa ina muda. Chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 9606 inatakiwa ithibitishwe kila baada ya miezi sita kwamba mhusika bado anafanya kazi hiyo, vinginevyo inakoma. Aliyekaa chuoni miaka miwili naye hupimwa vivyo hivyo.

Kwenye mchoro aliopewa siku hiyo kulikuwa na pembetatu, na pembeni yake a4. Kabla ya kuwasha mashine alichukua chaki akaandika kwenye bamba mguu anaoutaka: milimita 6, akiacha ziada kidogo juu ya 5.7 aliyoipata kwa hesabu.